Juu ya sofa: picha moja kubwa au tatu ndogo?

Neema_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi naenda kulipia picha za Tingatinga za kutundika juu ya sofa. Kuna moja ya sentimita 120 kwa 80, tembo chini ya mbuyu, na kuna seti ya tatu za 60 kwa 60, ndege watupu. Bei zinakaribiana. Nichukue zipi?

Shomari_K
Moja kubwa. Vipandevipande vinaifanya sebule ionekane duka.

Bi_Zuhura
Dada, sofa lina upana gani? Na mgongo wake una kimo gani kutoka sakafuni? Bila hayo tunabahatisha tu.

Neema_Tabata
Samahani. Ni la watu watatu, futi 7. Mgongo sentimita 90. Ukuta wa tofali za saruji, una plasta.

Bi_Zuhura
Futi 7 ni kama sentimita 213. Picha, iwe moja au kundi, ichukue theluthi mbili hadi robo tatu ya upana wa sofa, yaani 142 hadi 160. Tembo wako wana 120, nusu na kidogo tu, sofa litawameza. Ndege ukiwaachia nafasi ya 6 kati yao wanafika 192, karibu wote wa sofa, na ukuta utaonekana umebanwa. Waombe wachoraji wa pale Oysterbay wakutengenezee tatu za 45 kwa 45. Ukijumlisha nafasi unapata 147. Kabla ya kulipa, kata magazeti kwa vipimo hivyo, yabandike kwa selotepu, ukae nayo siku mbili.

Mzee_Chaki
Mnahangaika bure. Katikati ya picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho. Ndivyo makumbusho yanavyotundika.

Bi_Zuhura
Shikamoo mzee. Kwa ukuta mtupu nakubali. Hapa kuna sofa. Picha ya 45 ukiiweka katikati kwenye 150, ukingo wa chini unakuwa karibu 38 juu ya mgongo, na picha inabaki peke yake huko juu. Mimi huacha 15 hadi 25. Kwa Neema, 90 na 20, ukingo wa chini uwe 110.

Mzee_Chaki
Marahaba. Lakini ukiacha 15, mtu mrefu akiegemea kichwa kinagusa fremu. Mimi nabaki na 150 yangu.

Juma_Screen
Na mimi nina TV ya inchi 55, naiweka juu ya sofa kwa kipimo hichohicho?

Shomari_K
Sasa ukikaa kwenye sofa utaitazamaje, kaka?

Mama_Rayan
Mimi nawaombeni mzungumzie kitanda pia. Chumbani tuna cha 5 kwa 6, na fundi alitutundikia aya iliyoandikwa vizuri, fremu nzito yenye kioo, juu ya kichwa cha kitanda. Alipiga msumari mmoja, akaondoka. Chandarua kilikuwa kinaning'inia palepale, kila asubuhi ukikikusanya kinakwaruza fremu na kuisogeza. Mvua za masika plasta ikalegea. Usiku mmoja ikashuka yote, kioo kikamwagika kwenye mito. Bahati mwanangu alikuwa amelala upande wa miguuni. Tulipoangalia tundu, msumari ulikuwa umeshika plasta tu, mchanga mtupu, haukufika kwenye tofali. Tangu hapo juu ya kitanda sitaki kioo kabisa.

Fundi_Bakari
Pole sana mama. Msumari ukiingia kirahisi na vumbi likitoka la mchanga, bado uko kwenye plasta. Toboa kwa drili na kijiti cha milimita 6, uingie sentimita 4 au 5, weka plagi ya plastiki, halafu skrubu. Picha nzito ipate skrubu mbili, haitacheza hata chandarua kikiigusa. Neema, usitoboe pale ukingo wa juu unapofika. Vuta waya wa nyuma kama umeshatundikwa, pima kutoka ukingo wa juu wa fremu hadi kwenye waya. Ikiwa ni 6, basi 110 jumlisha 45 toa 6, skrubu iwe kwenye 149. Rudia kwa kila picha, waya hazilingani.

Mwana_wa_Pwani
Mbona hakuna anayetaja kanga? Moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Ivute kwenye fremu ya mbao bila kioo, upana wake ni saizi ya sofa la Neema na ni nyepesi. Hata juu ya kitanda inafaa.

Bi_Zuhura
Upana sawa. Kimo cha 110 kikianzia 110 kinafika 220. Dari ikiwa chini itaonekana imejaa.

Neema_Tabata
Dari sijaipima. Na jina la kanga liwe lipi, maana wakwe wanakuja Desemba?

Mwana_wa_Pwani
Hilo ndilo gumu, dada. Majina ya mafumbo usiyaguse.

Mama_Rayan
Weka la kumshukuru Mungu, hakuna mkwe wa kulipinga.

Shomari_K
Mimi bado nasema tembo.