Naomba ushauri: mshahara tarehe 28, mkopo tarehe 25

Kalenda Mpya: Ndugu zangu, kila mwezi naishiwa kabla ya mshahara. Tuuhesabu mshahara kuwa mafungu 100, nao huingia tarehe 28. Kodi ya nyumba ni 35, tarehe 1; umeme na maji 10, tarehe 15; chakula na nauli 25; mkopo wa benki 25, unaokatwa tarehe 25. Nimechora kalenda ya malipo na nakusudia kuomba makato yahamie tarehe 28 ileile. Je, nitakuwa nimepatia?

Mama Watatu: Mwanangu, kilichokuponza ni kukopa. Mimi hulipwa kila Ijumaa, na robo ya kodi huiweka kando siku hiyohiyo kabla sijaingia sokoni. Nawe fanya hivyo.

Msoma Hesabu: Kisa hiki nakitilia shaka. Matumizi yote ni 95, hivyo hubaki 5. Mwenye ziada hiyo mkopo ungemkuta na fedha, ukatwe tarehe yoyote. Ama umekitunga, ama kuna jambo umelificha.

Kalenda Mpya: Sikukitunga. Kila tarehe 22 huchukua advansi ya 25 kazini, yenye ada ya 2, ili mkopo usikwame, kwa hiyo hupokea 73. Sikuitaja kwa sababu huo ni mshahara wangu mwenyewe, si deni.

Mhasibu Mstaafu: Ni deni, ndugu yangu, na ndilo linalojizaa upya kila mwezi. Ukipokea 73 na kutumia 70, tarehe 25 unabaki na 3 tu, nawe unakopa tena. Makato yakihamia tarehe 3, mwezi wa kwanza hutahitaji advansi, mshahara utaingia mzima, na ukijumlisha zile 3, baada ya kulipa vyote utabaki na 8. Gharama yake ni riba ya siku chache zilizoongezeka, hivyo iulize benki kiasi chake kabla ya kusaini, kisha ulinganishe na ada ya 2 unayotoa kila mwezi.

Tarehe 28 siishauri. Ikiangukia mwisho wa juma mshahara unaweza kuchelewa, makato yakakuta akaunti tupu, ukatozwa faini.

Kalenda Mpya: Lakini fedha zikikaa siku tano nitazila.

Mhasibu Mstaafu: Basi siku ya mshahara hamishia 60 za kodi na mkopo kwenye akaunti ya makato, usiiguse. Zitakazobaki zigawe kwa wiki, maana mwanzo wa mwezi utakuwa mzito kuliko ulivyozoea.

Msoma Hesabu: Benki ikikataa, punguza advansi. Mwezi huu chukua 22, ujao 19. Ukishuka kwa 3 kila mwezi, itakwisha ndani ya miezi tisa hivi.

Mama Watatu: Hata hizo 3 zimekuwa zikienda wapi?

Kalenda Mpya: Sijawahi kuziandika, mama. Na barua ya benki niliipeleka jana, nikiomba tarehe 28.

Mhasibu Mstaafu: Rudi kesho asubuhi uirekebishe kabla haijashughulikiwa, na usiache kulipa tarehe 25 mpaka upate jibu lao kwa maandishi.