Tupeane uzoefu: Simu imejaa na picha unazipenda, ulianza kufuta nini?

Mwana wa Pangani
Wadau habari za jioni. Jumamosi nilikuwa kwenye mahafali ya kidato cha nne ya mdogo wangu. Anaitwa jukwaani kupokea cheti, natoa simu nipige picha, simu inaniambia nafasi imejaa. Nikaanza kufuta palepale nimesimama, vidole vinatetemeka, watu nyuma yangu wananiambia nikae chini. Nimefuta picha kama 200 za kwenye galari bila kuziangalia vizuri, na bado simu ikagoma. Mdogo wangu akashuka jukwaani sina hata picha moja.

Kilichoniuma zaidi nimekigundua usiku. Kwenye zile 200 nilizofuta kulikuwa na picha za bibi yetu akisuka ukili, za mwaka 2019. Simu yangu ni ya GB 32. Nyie mnapofuta huwa mnaanza na nini? Na kwa nini nimefuta picha zote hizo nafasi haikuongezeka? Nataka nimwage na lile pipa la takataka nione kama simu itapumua.

Kijana wa Mbagala
Mkuu hiyo ni simu kustaki. Funga programu zote zinazofanya kazi kwa nyuma, zima, washa. Yangu ilikuwa hivyo hivyo ikapona.

Binti Mswahili
@Kijana wa Mbagala, soma swali kaka. Simu yake haijastaki, imejaa. Ni vitu viwili tofauti.

Mama Tumaini
Mwana wa Pangani, nakuomba kwa jina la Mungu, USIMWAGE HILO PIPA. Nimeona hilo neno nikaweka sufuria chini nikuandikie.

Mwaka 2021 binti yangu aliniwekea bakapu ya picha kwenye simu. Akanionyesha alama ya wingu, akaniambia, "Mama, ukiona hii, picha iko salama mtandaoni hata simu ikipotea." Nikakaa na amani. Baba yangu alikuwa bado hai, nilikuwa nampiga picha kila nikienda Moshi. Akipalilia migomba, akimbeba Tumaini begani, akilala kwenye kiti chake na redio kifuani. Na video moja anamfundisha Tumaini kuhesabu kwa Kichaga.

Mwaka 2023 simu ikajaa. Nikawaza kwa akili yangu: picha ziko mtandaoni, hizi za kwenye simu ni nakala tu, nifute. Nikaingia kwenye ileile programu ya picha, nikachagua zote zenye alama, zaidi ya 1,400, nikafuta. Nafasi haikuongezeka, kama wewe. Nikatafuta sababu nikaona pipa limejaa. Nikamwaga. Hapo ndipo nafasi ikarudi, nikafurahi kabisa, nikaenda kulala.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Siku ya pili ya msiba kaka yangu akasema tutafute picha nzuri ya kuweka mbele ya jeneza. Nikafungua bakapu kwenye simu ya binti yangu. Tupu. Picha za Baba hakuna hata moja. Nilidhani nimekosea akaunti, tukaingia mara tatu. Binti yangu ndiye aliyeelewa kwanza, nikaona uso wake unabadilika, na hakutaka kuniambia mbele ya watu.

Tulichopata ni picha kumi na moja nilizokuwa nimewatumia ndugu kwa WhatsApp. Iliyowekwa kwenye jeneza ilikuwa mojawapo ya hizo, na ilipokuzwa uso wa Baba ukawa na ukungu. Ile video haipo kwa mtu yeyote.

Nilibonyeza kwa mkono wangu mwenyewe, simlaumu mtu. Ila nakuomba usimwage.

Binti Mswahili
Pole sana mama. Nimesoma nikiwa kwenye daladala nimeshindwa kujizuia.

Mzee wa Ujiji
Mungu ampumzishe. Mimi ninazo kaseti za marehemu mke wangu, sizigusi, siwapi watoto, wala kompyuta siijui.

Nassor_Mct
Pole mama. Niko Maskati natumia iPhone, ni yaleyale. Ukiwa na iCloud Photos, ukifuta kwenye simu inafutika na huko juu. Inakaa kwenye Recently Deleted siku 30 kisha inakwenda.

Fundi Nyamagana
Mama Tumaini pole sana. Kilichokupata nakiona dukani kila mwezi. Wengi hudhani bakapu ni kabati la pili, ukitoa shati kwenye kabati la kwanza la pili halijaguswa. Kwenye Google Photos kabati ni moja, lina milango miwili. Ukifuta ndani ya programu hiyo picha yenye bakapu, imefutwa simuni na mtandaoni kwa pamoja. Inakaa kwenye Trash siku 60. Ambayo haina bakapu inakaa siku 30. Ukimwaga pipa, siku hizo hazihesabiwi tena, imekwisha.

Kuna kitufe kingine kwa ajili ya kazi uliyokuwa unataka. Gusa picha yako ya akaunti pale juu, utaona Free up space. Hicho huondoa nakala za simuni tu, tena zile ambazo tayari zina bakapu, na za mtandaoni zinabaki. Ukitaka picha mojamoja, ifungue, kwenye menyu yake kuna Delete from device.

Sasa Mwana wa Pangani. Nafasi haikuongezeka kwa sababu picha ulizofuta bado ziko ndani ya simu, zimehamia pipani tu. Kwako hiyo ni bahati. Ingia Trash sasa hivi, chagua za bibi, bonyeza Restore. Kama ulifutia kwenye galari iliyokuja na simu, nayo ina pipa lake, angalia na huko.

Mwana wa Pangani
ZIPO! Bibi yupo! Ninazo zote saba! Fundi, Mama Tumaini, sijui niwaambie nini.

Mama Tumaini
Alhamdulillahi na Mungu asifiwe. Sasa moyo wangu umetulia.

Dogo Janja wa Kihonda
Njia rahisi ambayo mimi natumia: picha zote muhimu najitumia mwenyewe WhatsApp, halafu nafuta za kwenye galari. Zinakaa huko milele.

Fundi Nyamagana
Hapana dogo. WhatsApp ikituma picha kawaida huiminya. Picha ya MB 4 inaweza kufika chini ya nusu MB, na ndiyo maana ya marehemu mzee ilipokuzwa ikatoka na ukungu. Pia nakala uliyotuma inabaki kwenye simu yako hiyohiyo, kwenye folda ya Sent. Umepunguza ubora wa picha, na simu ikiibiwa umekosa vyote. Ukilazimika, tuma kama Document, hapo inakwenda nzima.

Dogo Janja wa Kihonda
Basi nilikuwa nusu sahihi. Hiyo ya Document nilikuwa siijui.

Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo
Mnateseka bure na mitandao. Nunueni memori kadi. Nina za GB 512 kwa elfu kumi na tano tu, hamisha kila kitu.

Binti Mswahili
Wewe! Ndizo hizo hizo! Nilinunua ya bei kama hiyo, simu ikaisoma GB 512 vizuri kabisa. Nikahamisha picha za mwaka mzima. Za mwanzo zikafunguka, zilizofuata zote rangi ya kijivu na alama ya kuvunjika.

Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo
Hukununua kwangu dada. Usichafue biashara za watu.

Binti Mswahili
Sijasema nilinunua kwako. Nasema kadi ya bei hiyo haiwezi kuwa na ukubwa huo.

Fundi Nyamagana
Msigombane, kadi inapimika. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw. Inaijaza kadi mpaka mwisho kisha inasoma ilichoandika. Kadi ya uongo imebadilishwa ijitangaze kubwa, ndani ina GB chache tu, na ikijaa hizo chache, picha zinazofuata haziandikwi popote au zinafuta za mwanzo. Mchuuzi, pima moja mbele ya mteja, utauza zaidi.

Na hata kadi halisi: nakili kwanza kwa Copy, usitumie Move. Fungua picha za mwanzo, za katikati na za mwisho, linganisha idadi, ndipo ufute za simuni. Simu ikikuuliza kama kadi iwe sehemu ya uhifadhi wa ndani, kataa kama kadi ni ya picha. Ukikubali, inafungwa kwa simu hiyo peke yake, na simu ikifa kadi haisomeki kwingine.

Mwana wa Pangani
Fundi, swali langu la kwanza bado. Nianze na nini?

Fundi Nyamagana
Anza na video, picha ziache za mwisho. Dakika moja ya video ya kawaida ya HD kamili ni kama MB 100 na zaidi. Picha ni MB 3 au 4. Zile picha zako 200 ukizijumlisha hazifiki hata GB 1. Video moja ya shughuli ya dakika kumi inazizidi.

Na ndani ya video, anza na ambazo hukuzipiga wewe. WhatsApp, Settings, Storage and data, Manage storage. Juu utaona Forwarded many times na Larger than 5 MB, chini makundi yamepangwa kuanzia lenye uzito zaidi. Niambie lako la kwanza ni lipi.

Mwana wa Pangani
Kamati ya Harusi ya Shemeji. GB 3.4! Harusi ilikuwa Juni mwaka jana. La pili ni la ukoo, GB 2.1.

Fundi Nyamagana
La harusi futa video ukiwa umetulia. La ukoo USIFUTE kwa mkupuo. Humo ndimo watu hutuma picha za wazee, na picha ukiifuta, mara nyingi haishukiki tena, mpaka aliyetuma akutumie upya. Ingia, pitia, toa zile za kusambazwa. Ukimaliza zima upakuaji wa wenyewe kwenye Media auto-download, la sivyo mwezi ujao tuko hapa.

Kijana wa Mbagala
Mimi huwa naenda kwenye WhatsApp nabonyeza Clear data, inaachia nafasi kubwa.

Fundi Nyamagana
Clear cache sawa. Clear data hapana! Inafuta mazungumzo yaliyomo simuni, na kama huna bakapu umeanza upya.

Kijana wa Mbagala
Kumbe ndiyo maana sms za dada zangu zote zilipotea.

Mama Tumaini
Fundi, na za WhatsApp zinaingia kwenye bakapu zenyewe?

Fundi Nyamagana
Haziingii mama mpaka uiruhusu folda yake kwenye mipangilio ya Backup. Kamera ndiyo huingia yenyewe. Ila jua kwamba nafasi ya bure ya Google ni GB 15, na barua pepe na faili za Drive zinakula humohumo. Tangu Juni 2021 picha nazo zinahesabiwa. Na kabla hujabonyeza Free up space siku yoyote, fungua akaunti yako kwenye simu ya binti, uone picha zinafunguka kubwa.

Mwana wa Pangani
Mrejesho. Nimetoa video za harusi na za kusambazwa kwenye ukoo, nimepata GB 4.8, picha yangu hata moja sijagusa. Kesho napeleka folda ya kamera kwenye kompyuta ya ofisini kwa waya. Za bibi nimezituma kama Document kwa dada yangu Tanga na kwa mdogo wangu.

Mama Tumaini, wale ndugu uliowatumia picha kumi na moja, umewauliza wote? Mtu anaweza kuwa na simu ya zamani imezimwa kabatini.

Mama Tumaini
Shangazi yangu wa Marangu ana simu iliyovunjika kioo tangu 2022. Sikuwahi kuifikiria. Fundi, kioo kikivunjika picha zinatoka?

Fundi Nyamagana
Kama ni kioo tu, mara nyingi zinatoka. Msiifute wala msiifomati. Mwambie asimpe mtu yeyote, ichukue mwenyewe.