Amefuta skrini yangu kwa leso akidhani kioo cha bafu ni kichafu!

KonaNne (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule bwana wa katalogi, sina haja ya kumtaja, kila aliyewahi kumtengenezea picha za 3D humu ndani anamjua. Leo katoa leso mfukoni akafuta skrini yangu. LESO! Mbele ya watu wote wa mauzo. Kafuta, kainama, katazama, kapulizia pumzi, kafuta tena, halafu akageuka akasema, "Kumbe uchafu uko ndani."

Uchafu gani? Bafu lenyewe mlione: ukuta wa sinki una vigae vyeupe vya milimita 300 kwa 600, sinki la kuning'inia, bomba la kromu, na juu yake kioo cha upana wa sentimita 80. Maelekezo yake yalisema kioo kiwe safi kabisa. Nikampa kisafi. Kwenye Blender niliweka Metallic 1, Roughness 0, hakina alama ya kidole wala tone la maji. Na kwa kuwa kioo kisafi hakina rangi yake, kinaonyesha tu kilicho mbele yake, nikajenga na ukuta wa nyuma ya kamera, na mlango wake, na kitasa chake, vitu ambavyo picha haivionyeshi popote isipokuwa humo kiooni. Wengi mnajenga kuta tatu, upande wa kamera mnaacha wazi, kioo kinatoka kijivu kama bati. Mimi nilijenga nne!

Akatazama, akasema, "Ondoa hivi vitu vilivyoingia ndani ya kioo." Nikauliza, mlango? Ndiyo. Kitasa? Ndiyo, kila kitu, nataka kioo kitupu. Basi nikatoa mlango, ukabaki ukuta mweupe mtupu, kioo kikawa cheupe cheupe kama kina mvuke. Ndicho alichoagiza yeye mwenyewe! Na leo anakuja na leso kufuta agizo lake mwenyewe kwenye skrini yangu. Imebaki na michirizi hadi sasa.

Mpole2

Swali moja tu mkuu. Leso ilikuwa safi?

KonaNne

Haikuwa safi.

Mpole2

Basi uchafu sasa upo kweli. Bwana ameshinda kesi.

Picha_Kali

Shida yako ni Roughness. Kioo kikionekana na ukungu, ujue thamani imepanda. Ishushe hadi 0 na kila kitu kitakaa sawa. Wengi wanasahau.

KonaNne

Nimeandika hapo juu kwamba ni 0. Soma uzi kwanza. Huyu naye angeletewa leso angefuta.

MzeeWaMwanga

Picha_Kali hajakosea sana, Roughness ikipanda kidogo tu kioo kinafanya ukungu hivyo hivyo, kwa hiyo ni vizuri kuanza kuangalia hapo. Ila hapa sababu ni nyingine. Jicho halioni kioo, linaona mistari iliyo ndani yake. Fremu ya mlango ikikatiza ndani ya kioo, na mistari ya grauti ya ukuta wa nyuma ikirudi midogo kuliko ile ya ukuta wa mbele, mtu anajua papo hapo kwamba hiki ni kioo. Ukiacha ukuta mweupe uliomulikwa taratibu, hakuna mstari wowote, kwa hiyo jicho linasoma mvuke. Yule bwana kaona kitu cha kweli, ila kakipa jina la uchafu.

Jinsi ya kujua: weka boksi jekundu nyuma ya kamera, toa picha ndogo ya haraka. Likionekana kiooni limekatwa kingo vizuri, kioo chako kizima na tatizo ni kwamba hakina cha kuonyesha. Likionekana limefifia kingo, rudi kwenye Roughness. Lisipoonekana kabisa, kamera yako imetoka nje ya ukuta na ukuta unaziba boksi.

Halafu tazama bomba lako. Nina hakika tangu utoe mlango limekuwa kama la plastiki.

KonaNne

Mzee, ndivyo ilivyo! Mstari mweusi wa mlango ndio uliokuwa unalifanya bomba lionekane kromu. Nalo kaniuliza kwa nini limebadilika. Akiwa bado ameshika leso mkononi.

MzeeWaMwanga

Rudisha mlango, lakini usimwambie umerudisha. Usogeze ukingo wake mmoja tu uonekane kwenye theluthi ya pembeni ya kioo, kitasa kibaki nje. Na kama chumba ni kidogo na unataka kamera irudi nje, usifute ukuta wa nyuma. Nenda Ray Visibility ya huo ukuta, toa alama kwenye Camera, acha Glossy. Kamera itaupita kama haupo, kioo kitaendelea kuuona.

DadaKabati

Samahani kuingilia, na mimi nina kioo. Kabati la milango miwili ya kioo, nikiifungua ikatazamana, ndani kabisa panakuwa peusi. Mteja anasema kimeungua. Ni uchafu pia?

MzeeWaMwanga

Hapana dada, mwanga umeishiwa safari. Kwenye Light Paths, Glossy kwa kawaida ni 4, ikifika hapo inakatika na kinachobaki ni cheusi. Panda hadi 8 au 10. Weusi hauishi, unasogea mbali tu hadi pasipoonekana. Au fungua mlango mmoja kidogo kuliko mwenzake, visitazamane sawasawa.

FundiMarumaru

Nyie mnalia leso. Mimi nalia na picha zenu! Mteja ananiletea katalogi, ukuta wa 1800, vigae sita vizima vya 300, grauti ya milimita 2, na hakuna hata kimoja kilichokatwa. Sita kwa 300 ni 1800 tayari. Mistari mitano ya grauti ni 10 zaidi. Hizo 10 niziweke wapi, mfukoni? Halafu naambiwa fundi hajui kazi.

KonaNne

Fundi, huu uzi ni wa leso.

FundiMarumaru

Picha ni yako au si yako?

Picha_Kali

Si unakata milimita 5 kila pembeni? Vinabaki 295, nani ataona?

FundiMarumaru

Kwenye kompyuta yako, sawa. Ukuta wa kweli chini ni 1800 na juu ni 1788, umepinda, kona haina nyuzi 90. Kipande cha pembeni kitaanza kikubwa kiishie kidogo. Mimi naanza katikati natoka nje, nikipata vipande viwili vinavyolingana nashukuru. Chora hivyo uone kama yule bwana atakubali.

DadaKabati

Hatakubali. Mimi alinirudishia picha kwa sababu kigae cha kona kilikuwa chembamba, akasema kimeliwa na panya.

Mpole2

Alikuja na mtego?

Wino_Kamili

Afadhali yenu nyote. Mimi ndiye ninayeziandaa kwa ajili ya kuchapwa. Mnaniletea bafu jeupe lenye taa za manjano, linatoka kigae cha maziwa, mnunuzi anafungua boksi anakuta kigae cheupe pee. Simu inapigwa kwangu, si kwenu. Nani kawaambia kila bafu liwe na taa za manjano?

DadaKabati

Yule bwana. Anasema nyeupe inafanana na hospitali.

FundiMarumaru

Mimi bado nangoja jibu la zile milimita 10. Na sinki lake mnalichora katikati ya kigae au kwenye mstari wa grauti? Maana shimo la bomba natoboa mimi.