Naomba ushauri: mwisho wa ngano ubadilike vipi mbele ya simu?

Wakuu, naomba ushauri kuhusu hadithi fupi. Bibi wa Kibosho, Moshi, anasimulia ngano ya Sungura na Fisi huku mjukuu akimrekodi kwa simu. Siku zote Fisi hufia kisimani. Safari hii Bibi anamtoa hai.

Shida ni kwamba msomaji asiyeujua mwisho wa zamani hatashtuka, na kuueleza mapema kunaiua ngano. Nafikiria wimbo wa Fisi uimbwe mara tatu, na mtoto anayeitikia kibwagizo aropoke mara ya tatu: "Bibi, si anazama?" Bibi aitazame simu, aendelee.

Video itatumwa kwa mwanawe wa Arusha, waliyekosana. Huyo nimtaje kabla ya "Paukwa", au baada ya swali la mtoto?