Gego la juu la kwanza, tuta limeelekea siko: nijaze au nianze upya?

Msoma_Nyegezi: Wakuu, naomba ushauri. Mwaka wa kwanza wa masomo ya meno, nachonga gego la kwanza la juu kulia kwenye sabuni ya mche, ukubwa mara mbili. Mwalimu kalitazama akasema tuta la mshazari limekosewa. Nimebakiza siku mbili. Nataka kujaza sabuni nyevu nichonge tena juu.

Kirumba_Boy: Jaza tu. Kwaruza sabuni, changanya na maji kidogo, paka, acha ikauke.

Bi_Sato: Gego la juu likiuma usiku dawa yake nini? Langu linavuta mpaka sikioni.

Mkono_Mtulivu: Bi Sato, nenda kliniki lipigwe picha. Msoma, tuta linaunganisha vilele vipi?

Msoma_Nyegezi: Cha mbele upande wa shavu na cha nyuma upande wa kaakaa.

Mkono_Mtulivu: Hapo ndipo kosa. Linatoka kilele cha mbele-kaakaa, ambacho ni kikubwa kuliko vyote, kwenda cha nyuma-shavu. Kwako kikubwa kiko wapi? Na mchoro ulihamishaje?

Msoma_Nyegezi: Kikubwa kiko nyuma-kaakaa. Mchoro ni sahihi, niliupima.

Mkono_Mtulivu: Nimeuliza ulihamishaje.

Msoma_Nyegezi: Nililaza karatasi, penseli ikitazama sabuni, nikasugua mgongo wake. Lakini vipimo viko sawa: milimita 20 mbele-nyuma, 22 shavu-kaakaa.

Igoma_Mkweli: Uzi wa kutunga huu. Penseli haishiki kwenye sabuni.

Mkono_Mtulivu: Inashika, kama penseli ni laini na sabuni imekauka. Ila inatoka kinyume, kama kwenye kioo. Vipimo havibadiliki, ndiyo maana hukugundua. Umechonga gego la kushoto kwenye mche ulioandikwa kulia.

Msoma_Nyegezi: Basi nijaze upande mmoja tu.

Mkono_Mtulivu: Hapana. Kujaza kunafaa mfereji uliozidi kina. Kilele kizima kinahitaji sabuni nene, nayo ikikauka inasinyaa na kubanduka kwenye ungio. Chukua mche mwingine. Andika pande zote nne kwanza. Pitisha penseli mgongoni mwa karatasi kwenye mistari, kisha laza upande huo kwenye sabuni na usugue ule wa mbele, mchoro utoke sawa. Chonga umbo la nje, ambalo ni msambamba ulioinama: pembe za mbele-shavu na nyuma-kaakaa ni kali, tuta linapita kwenye zile mbili butu. Acha vilele vinne vikiwa vinene, mifereji iwe mwisho. Bonde kubwa liko mbele ya tuta, dogo nyuma yake. Mfereji wa katikati usikate tuta kama kisu, ukikata gego litafanana na la chini.

Kirumba_Boy: Na kijilele cha Carabelli kwenye ukuta wa kaakaa? Lazima?

Mkono_Mtulivu: Kinakaa ubavuni mwa kile kilele kikubwa. Wengine hawana kabisa. Muulize mwalimu wako.

Msoma_Nyegezi: Mche mpya nimenunua. Huu wa zamani nautunza, nitaandika kushoto.