Ushauri: nyanya zimegoma kurefuka, niongeze yurea?

Mwanakilolo: Wakuu, heshima kwenu. Nipo Ilula. Nyanya zangu zina wiki 7 tangu nihamishe miche. Zimefika kiunoni zikagoma, mche mmoja una vichala viwili au vitatu tu. Matunda yameanza mabaka meupe. Mfuko wa yurea nimeshanunua. Niweke?

Mzabibu_Dom: Usiogope kukata. Huku Dodoma zabibu tunazipogoa kila baada ya mavuno, na tunda linakuja kwenye chipukizi jipya. Kata, zitachangamka.

Mama Bustani: Mwanangu, mbegu gani? Na umezikata vipi?

Mwanakilolo: Mbegu ni ya kawaida tu, mama. Machipukizi ya kwapani nimetoa yote kwenye mistari 6, nikabakiza shina moja lililofungwa mtini. Majani nayo nimepunguza, hewa ipite.

Mama Bustani: Nimeuliza jina.

Mwanakilolo: Rio Grande. Lakini jirani mwenye Anna F1 anafanya hivyohivyo na anavuna miezi!

Kinyonga: Hii chai. Wiki 7 tayari una matunda?

Mwanakilolo: Kaka, miche ilikaa kitaluni mwezi mzima kabla. Nimekopa hela ya hili shamba, chai ya nini?

Mama Bustani: Wiki 7 matunda mabichi yapo, hilo halina ubishi. Sasa sikiliza. Anna ni nyanya ndefu. Shina lake haliishi, kila baada ya majani kama matatu linatoa kichala, ndiyo maana jirani anabakiza shina moja. Rio Grande ni fupi. Shina lake linaishia kwenye kichala cha maua, basi. Vichala vingine vyote vilikuwa vije kwenye hayo machipukizi uliyotupa. Haijagoma, imemaliza safari. Yurea haitalirefusha shina hilo.

Mabaka yako upande gani wa tunda?

Mwanakilolo: Upande wa jua la mchana. Jirani kasema ni ugonjwa, nipige dawa.

Mama Bustani: Ni jua, ulilivua tunda mwavuli wake. Dawa haisaidii. Chuma yaliyobabuka kabla hayajaoza, na chipukizi lolote jipya liache.

Mzabibu_Dom: Kwa hiyo fupi haikatwi kabisa?

Mama Bustani: Toa yaliyo chini ya kichala cha kwanza tu, na majani yanayogusa udongo, maana tope la mvua hupandisha magonjwa. Juu ya hapo usiguse.

Mwanakilolo: Imebaki mistari 6. Vijana wanakuja kesho kuikata, nimeshawalipa nusu. Nusu yake tu nijaribu, mama? Nyanya kubwa ndiyo inalipa.

Mama Bustani: Itakuwa kubwa kidogo, ndiyo, lakini vichala vitatu havijazi tenga. Wape kamba badala ya mkasi. Wafunge matawi pande zote mbili za mistari yasilale.

Kinyonga: Tuma picha ya hayo mabaka basi.

Mwanakilolo: Kesho asubuhi naweka. Mama, ile mistari niliyokata itachipua tena au niing'oe?

Mama Bustani: Weka picha ya kwapani kwanza.