Tupeane uzoefu: maji yanafutwa lini kwenye K?

Mwalimu_Kemia
Ninaposahihisha kazi za wanafunzi, yabisi hainisumbui, wengi wanaiacha nje vizuri. Kinachonisumbua ni maji. Chukueni chuma na mvuke:

3Fe(s) + 4H2O(g) ⇌ Fe3O4(s) + 4H2(g)

Mtu anaandika K = [H2]⁴, eti maji hayaandikwi. Lakini hapa maji ni gesi! Ilitakiwa [H2]⁴/[H2O]⁴. Ninyi mmekutana na nini, na mlitambuaje kwamba K imekosewa?

Chapakazi
Sisi tulikaririshwa hivi: yabisi toa, kimiminika toa. Mvuke sawa, ubaki. Ila kimiminika natoa siku zote na sijawahi kukosa.

Bi_Maabara
Siku zote hapana, ndugu yangu. Kimiminika kinatoka kikiwa safi, au kikiwa ndicho kiyeyushi na ni kingi mno hata mmenyuko haukipunguzi. Mimi tulipima esta: moli 1 ya asidi ya ethanoiki, moli 1 ya ethanoli, bila kuongeza maji. Msawazo ulipofika, esta ilikuwa karibu theluthi mbili ya moli, maji vivyo hivyo, na asidi na ethanoli zimebaki theluthi moja moja. Ukiweka maji, (2/3 × 2/3) ÷ (1/3 × 1/3) = 4, ujazo unakatana wenyewe. Ukiyatoa unapata 6V, V ikiwa ujazo wa mchanganyiko kwa lita. Sasa zimua kwa kiyeyushi kisichoshiriki hadi ujazo uwe maradufu: 4 inabaki 4, ile nyingine inapanda mara mbili wakati joto ni lilelile. Hapo ndipo tulipojua ipi ni sahihi.

Kidato_cha_Sita
Shikamoo mwalimu. Mimi swali langu ni chokaa. CaCO3(s) ⇌ CaO(s) + CO2(g), wanasema Kp = P(CO2) tu. Ina maana nikiweka CaCO3 nyingi zaidi, Kp inaongezeka?

Mwalimu_Kemia
Marahaba. Haiongezeki. Gramu moja au kilo moja, moli zilizomo katika kila lita ya yabisi yenyewe ni zilezile, karibu 27. Kwa hiyo haina cha kubadilisha. Ila lazima ibaki. Kwenye nyuzi 800 za Selsiasi presha ya CO2 ni kama atm 0.22. Chombo cha lita 10 kinahitaji gramu 2.5 hivi za CaCO3 kufika hapo. Weka gramu 2: zote zinaisha, presha inaishia karibu 0.18, na hiyo usiiite Kp, maana msawazo haupo.

Chapakazi
Ya esta nimekubali, dada. Lakini maji yenye chumvi nyingi kupindukia je? Ni kiyeyushi, ila si safi tena.

Bi_Maabara
Darasani tunayaacha nje. Kwenye vipimo vyangu vya brini kali majibu yalikuwa yanapotoka, na sehemu ya sababu ni hayo maji. Mwenye data za namna hiyo aziweke hapa.